Sahihi ya Baba Nusrat

Siku ile Mwanaidi alipaswa kwenda peke yake. Walishapanga hivyo na Bupe, jirani yake wa ukuta mmoja pale Soweto, Mbeya: Bupe angefika saa tatu, angekaa sebuleni na Mzee Yunusu, angemchemshia chai na kumsikiliza habari zake za zamani mpaka Mwanaidi arudi kutoka kwenye kamati ya mikopo. Lakini saa mbili na nusu Bupe alitokea mlangoni akitweta, mjukuu wake yuko mgongoni, anachemka homa.

"Mama Nusrat, nisamehe. Nampeleka zahanati sasa hivi."

"Nenda, mwenzangu, nenda. Mtoto kwanza."

"Udhamini wangu uko palepale. Wakinipigia simu nitapokea."

Bupe akaondoka mbio. Mwanaidi akabaki amesimama katikati ya sebule, bahasha ya karatasi zake mkononi, akimtazama mumewe. Kupitia mlango wa chumbani uliokuwa wazi, Mzee Yunusu alionekana ameketi kitandani, anafunga vifungo vya shati. Alivifunga vyote, akavifungua, akaanza upya.

Miaka ishirini na minane alikuwa muuza vitambaa sokoni, na watu wa Soweto walimjua kwa mambo mawili: hesabu za kichwani na upole wa ulimi. Sasa ulikuwa mwaka wa tatu tangu hesabu zianze kumtoka. Kwanza zilipotea bei, kisha majina ya watu, kisha njia ya kurudi nyumbani kutoka msikitini. Siku nyingine alimwita Mwanaidi kwa jina lake. Siku nyingine alimwita Mwanakhamisi, na Mwanakhamisi alikuwa dada yake Yunusu, aliyefariki zamani. Upole wa ulimi ulibaki. Mtu akikutana naye barabarani, wakasalimiana na kuulizana hali, angeondoka akisema mzee yule yuko vilevile.

Mwanaidi hakuwa amemwambia mtu, isipokuwa Bupe na binti yao Nusrat aliyeolewa Tunduma. Alimfungia mumewe vifungo, akamvika koti na kofia.

"Tunakwenda wapi?" Yunusu akauliza.

"Tunakwenda kutembea, Baba Nusrat. Mimi na wewe."

"Haya. Mimi sina neno," akajibu. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu siku hizo.

Ofisi ya chama chao cha akiba na mikopo ilikuwa chumba kimoja na veranda, nyuma ya soko. Kwa mikopo midogo mtu alijaza fomu, akasubiri. Kwa mkopo uliozidi milioni tano, kamati ilimwita mwombaji aje ajieleze kwa mdomo wake. Mwanaidi alikuwa ameomba milioni tisa, na akiba yake ilikuwa milioni moja na laki sita. Kanuni ya chama iliruhusu mtu kukopa mara tatu ya akiba yake, mradi awe na wadhamini wawili. Kilichozidi hapo kilitaka dhamana ya mali. Kwa hiyo ndani ya bahasha mlikuwa na nakala ya hati ya nyumba yao, iliyoandikwa jina la Yunusu, na karatasi ya ridhaa yenye sahihi yake.

Sahihi ile aliitia juzi asubuhi, baada ya chai. Mwanaidi alimwekea karatasi mezani, akampa kalamu. "Hapa?" Yunusu aliuliza. "Hapo." Akaandika jina lake kwa ule mwandiko wake mzuri wa kuinama, akapiga mstari chini, akamrudishia kalamu akitabasamu. Hakuuliza ni karatasi ya nini. Tangu hapo Mwanaidi hakuwa amelala vizuri.

Kamati ilikuwa ya watu watatu. Mwenyekiti alikuwa Mwalimu Lutengano, mstaafu, mtu wa kusikiliza akiwa amefumba macho. Wa pili alikuwa Mama Bertha, muuza mchele wa jumla, ambaye watu walimwogopa kuliko mwenyekiti. Wa tatu alikuwa kijana mshonaji, mpya kwenye kamati, anayeandika kumbukumbu. Pembeni aliketi Marcelino, afisa mikopo, mtu wa Iringa. Wiki iliyopita alikwenda dukani kwa Mwanaidi, akahesabu mali, akapitia daftari la mauzo, akaandika ripoti yake.

Waliposikia Mzee Yunusu amekuja, wote wakasimama.

"Shikamoo, mzee!"

"Marahaba, wanangu. Hamjambo? Watoto? Kazi?"

"Tunashukuru. Umetukimbia sokoni siku hizi."

"Nimewaachia vijana," Yunusu akasema, na wote wakacheka. Alipewa kiti karibu na dirisha. Mwanaidi akavuta pumzi, akasimama mbele ya meza.

"Mama Nusrat," Mwalimu Lutengano akasema, "fomu tumeisoma. Sasa tuambie mwenyewe. Fedha unataka za nini?"

Alikuwa amejifunza maneno yake mbele ya rafu za duka kwa siku nne. Alipofungua mdomo, yale ya kuanzia yalipotea. Akaanza na alichokuwa nacho.

"Duka langu mnalijua. Nauza vitu vya mama mjamzito na mtoto mchanga. Mama anapokwenda kujifungua anaambiwa aje na vitu vyake: kanga, beseni, pamba, mpira wa kutandika, nguo za mtoto, blanketi, kofia, soksi. Anakuja kwangu na orodha. Mimi nina kanga na nguo za mtoto. Beseni sina. Mpira ninao wiki hii, wiki ijayo umekwisha. Mablanketi mazito naleta kumi tu, kwa sababu mtaji hautoshi. Basi anachukua viwili vitatu, vingine anakwenda kuvitafuta soko la Mwanjelwa, na tumbo lile, kwenye mvua. Akishafika huko ananunua vyote huko, maana na wao kofia wanazo."

Mama Bertha akaandika kitu. "Umejuaje kwamba ni wengi?"

"Nimewahesabu. Mwezi wa pili wote, kila aliyekuja na orodha akaondoka bila kuimaliza, nilipiga mstari nyuma ya daftari. Walikuwa ishirini na watatu."

Marcelino akaitikia kwa kichwa. "Niliiona ile mistari, mwenyekiti. Ni kweli."

Mwanaidi akapata nguvu. "Nataka niwe na kila kitu cha kwenye orodha, nikifunge kwenye mfuko mmoja, kwa bei moja. Mama akija, anaondoka na mfuko kamili. Na asiye na fedha zote mara moja nitamwekea. Ataanza kudunduliza mimba ikiwa na miezi minne, elfu tano, elfu tatu, kadiri anavyopata, naandika kwenye kadi yake. Mfuko unabaki kwangu mpaka amalize. Sikopeshi mtu, yeye ndiye anayetangulia kunilipa. Na sasa tuko mwezi wa tatu. Mwezi wa sita na wa saba mnaijua baridi ya hapa. Blanketi na sweta za watoto nikichelewa kuagiza, msimu unanipita."

Alieleza mauzo ya mwezi, kodi ya fremu ya duka, faida inayobaki, na kodi ya vyumba viwili vya wapangaji nyumbani. Hakupamba kitu.

"Umejieleza vizuri," akasema Mwalimu Lutengano, macho yakiwa bado yamefumbwa. "Tumebakiwa na dhamana. Nyumba ni ya mzee, na mzee ametia sahihi. Wakili atafuatilia baadaye, lakini kwa kuwa Mungu amemleta mwenyewe, tumuulize." Akafumbua macho, akageukia dirishani. "Mzee Yunusu, umekubali nyumba yako iwe dhamana ya mkopo huu wa mama?"

Yunusu akamgeukia kwa uso uliochangamka.

"Nimekubali, mwanangu. Mimi sina neno."

"Basi," akasema mwenyekiti, na kijana mshonaji akainamisha kalamu aandike.

Ilikuwa imekwisha. Mwanaidi aliona milioni tisa mezani kama vile zimeshahesabiwa. Aliona rafu zimejaa mpaka juu. Angenyamaza kidogo tu, muda wa mtu kuandika mstari mmoja, na jambo lingepita. Akamtazama mumewe, ambaye alikuwa ameshageukia tena dirishani, anaangalia mwanga wa jua ukutani. Nyumba ile waliijenga kwa miaka tisa, chumba baada ya chumba. Yunusu aliyeijenga, yule wa hesabu za kichwani, aliwahi kukataa mara mbili kuiweka rehani, hata mwaka ule moto ulipounguza vitambaa vyao sokoni. "Tutaanza na meza barabarani," alisema mwaka ule, na kweli wakaanza na meza.

"Mwalimu, subiri kidogo," Mwanaidi akasema. "Asiandike."

Kalamu ikasimama.

"Marcelino, mwanangu, nakuomba. Mtoe mzee hapo verandani apate jua. Mshike mkono kwenye ngazi."

Marcelino alishangaa lakini hakuuliza. Alimwinua mzee taratibu, wakatoka, na sauti ya Yunusu ikasikika nje ikimuuliza Marcelino kwao ni wapi, na Marcelino akijibu ni Iringa, na mzee akisema, "Ah, Iringa, watu wema." Mwanaidi alisubiri mpaka mlango umefungwa.

"Sahihi ile ni yake," akasema. "Ridhaa si yake. Mume wangu ni mgonjwa. Kichwa chake kimechoka, huu mwaka wa tatu. Nilimwekea karatasi akaandika jina, hakujua anaandikia nini. Na hapa mmemuuliza akajibu, lakini mngemuuliza kama amekubali kuiuza nyumba leo hii, angejibu vilevile. Siku nyingine hata mimi hanijui."

Mwanaidi akamgeukia mwenyekiti.

"Sikutaka kuwadanganya. Au tuseme nilitaka, maana karatasi niliileta mwenyewe. Nilijiambia, ni mume wangu, na nyumba nimeijenga naye, tofali nimebeba. Lakini huyu hawezi tena kukataa. Mtu asiyeweza kukataa, nitasemaje amekubali?"

Machozi yalimjia, akayafuta kwa ncha ya mtandio, akabaki amesimama wima.

Mama Bertha ndiye aliyejibu. "Kaa chini, Mama Nusrat. Umesimama tangu saa ile." Akasubiri akae. "Mama yangu mzazi alinisahau miaka miwili kabla hajafa. Alikuwa ananiamkia shikamoo. Mimi, mwanawe." Akajikohoza, akarudisha miwani yake puani. "Haya. Na biashara? Mzigo ulikuwa unakwenda kuuchukua Dar es Salaam. Mgonjwa unamwacha na nani?"

Swali lilikuwa kavu, na Mwanaidi alilishukuru kwa ukavu wake.

"Nusrat alikuwa anakuja kutoka Tunduma kumkalia. Lakini ana watoto wadogo, hawezi kila mara. Nimeshaongea na Taslim wa Iringa. Baba yake, Mzee Firoz, ndiye aliyekuwa anatuuzia vitambaa kwa jumla zamani. Taslim sasa ana mablanketi, sweta, taulo, karibu vyote. Bei yake imezidi ya Kariakoo kidogo, lakini nikitoa nauli, gesti na chakula, inakuja ileile. Namtumia fedha, anafunga mzigo, anaupakia kwenye basi asubuhi, jioni naupokea stendi. Silali nje hata siku moja."

"Dukani?"

"Anakaa na mimi. Ana kiti chake. Wateja wanadhani ananisaidia." Akatabasamu kidogo. "Na kwa kweli ananisaidia. Nikiwa naye karibu moyo wangu unatulia, nauza vizuri."

Mwalimu Lutengano aliivuta ile karatasi ya ridhaa, akaitazama sahihi kwa muda. "Bila nyumba, milioni tisa hazipo. Hilo unalijua."

"Najua, Mwalimu."

"Tupishe kidogo."

Nje verandani Yunusu alikuwa ameketi kwenye benchi na Marcelino, wanaongea habari za vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, jinsi zamani mabasi yalivyosimama pale na abiria wakanunua kwa madebe. Marcelino alimpisha Mwanaidi, akaingia ndani. Mwanaidi akaketi. Hakujua kama amefanya la busara au ameitupa bahati yake mwenyewe. Mumewe alimtazama, akasogea kumpa nafasi zaidi kwenye jua.

"Kaa huku, huko kuna baridi," akasema. "Umetoka mbali?"

"Si mbali sana," Mwanaidi akajibu.

"Unaonekana umechoka, mama."

"Nimechoka kidogo."

Yunusu akauchukua mkono wake, akaushika kwa mikono yake miwili, kwa heshima, kama mtu anayempa pole mgeni. Wakakaa hivyo.

Ilipita kama nusu saa. Simu ya Marcelino ilisikika ndani, kisha sauti ya Bupe kwenye spika, ya juu kama kawaida yake: "Ndiyo, namdhamini! Hata kesho! Mtoto? Amechomwa sindano, anaendelea vizuri!" Kisha wakampigia mdhamini wa pili, Junaid muuza viatu. Kisha wakamwita Mwanaidi.

Mwenyekiti alisoma uamuzi kutoka kwenye kumbukumbu. Ombi la milioni tisa limekataliwa kwa kukosa dhamana halali. Kamati imeridhia milioni nne na laki nane, mara tatu ya akiba, kwa wadhamini wawili, marejesho ya miezi kumi na miwili, riba ya asilimia moja na nusu kwa mwezi kwenye deni linalobaki. Fedha zitalipwa moja kwa moja kwa muuzaji wa Iringa kwa mafungu mawili, la pili baada ya mzigo wa kwanza kufika na kukaguliwa.

"Rejesho la kwanza ni laki nne na elfu sabini na mbili," akaongeza Mama Bertha. "Marejesho yanashuka kila mwezi. Nimepiga hesabu zako, utaweza, ila usinunue sweta za rangi nyeupe, hazitoki. Na nikwambie ukweli: zile milioni tisa mimi nilikuwa nazikataa hata na nyumba. Mtaji unaozidi duka unaozea kwenye rafu. Ukimaliza hizi vizuri, njoo tena."

"Tumeandika pia kwamba mwombaji alitoa mwenyewe taarifa ambayo angenufaika kwa kuificha," akasema Mwalimu Lutengano. Akakunja nakala ya hati pamoja na ile karatasi ya ridhaa, ambayo alikuwa ameichora mistari miwili ya kalamu kutoka kona hadi kona, akamkabidhi. "Hii rudi nayo nyumbani. Ndaga, mama. Asante kwa kutuheshimu."

Walirudi kwa miguu polepole, Yunusu ameshika mkono wake. Njiani Mwanaidi alimweleza yote, kwa utaratibu, kama zamani walivyokuwa wakielezana mambo ya biashara wakifunga duka: fedha alizoomba, nyumba aliyotaka kuiweka rehani bila yeye kujua, jinsi alivyoacha, fedha alizopewa. Hakumficha hata moja. Alitaka aambiwe, hata kama maneno yangempita.

"Ni nyingi hizo," Yunusu akasema baada ya hatua kadhaa. "Hiyo nne na nane. Utaweza kurudisha?"

Mwanaidi alisimama. Akamtazama usoni, na kwa muda mfupi alikuwa pale, macho yake yote, muuza vitambaa wa sokoni.

"Nitaweza, Baba Nusrat."

"Basi chukua." Wakaendelea kutembea. Walipofika kona ya msikiti akauliza wanakwenda wapi, na Mwanaidi akamwambia wanakwenda nyumbani.

Mzigo wa kwanza wa Taslim ulifika wiki mbili baadaye, marobota matatu yamefungwa kamba ya katani. Marcelino alikuja kuukagua, akahesabu blanketi moja moja. Wa pili ulifika mwisho wa mwezi wa nne. Kufikia mwezi wa sita, baridi ilipoanza kukaa mpaka saa nne asubuhi, Mwanaidi alikuwa na kadi za kudunduliza thelathini na moja kwenye kopo la biskuti, na alikuwa ameshalipa marejesho mawili, yote kabla ya tarehe. Rejesho la pili lilimbana. Wiki ile walikula ugali na mboga za majani tu, na hakumwambia Nusrat.

Asubuhi moja alikuja binti mmoja wa Ilomba, mimba yake ya kwanza, kumalizia elfu nne za mwisho. Aliinamia kaunta kwa shida, akatoa noti zilizokunjwa ndogo ndogo. Mwanaidi akapiga mhuri kwenye kadi, akateremsha mfuko, akaanza kumwonyesha kimoja kimoja asije akasema kimepungua: kanga, beseni, pamba, mpira, sweta la njano, kofia, soksi. Alipofika kwenye blanketi, Mzee Yunusu aliyekuwa kwenye kiti chake alinyoosha mkono, akalichukua. Akalipapasa kwa vidole, akalivuta kidogo kupima nyuzi, akalinusa.

"Zuri hili," akamwambia binti. "Halitamkwaruza mtoto."

"Asante, babu."

"Na ukilifua, usilikamue. Lining'inize lichuruze lenyewe."

Binti akaitikia, akaupokea mfuko kwa mikono miwili, akaukumbatia juu ya tumbo lake kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuuweka, akatoka nao kwenye ukungu. Mwanaidi alimtazama mumewe. Alikuwa ameshasahau, anapasha mikono yake kwenye kikombe cha chai. Akamfungia kifungo cha juu cha koti, akaenda kumhudumia mteja mwingine aliyekuwa anasubiri mlangoni na orodha yake.